Waipsi zinawasha mkono na mtoto? Jinsi ya kuisaka MI, kihifadhi kinacholeta mzio wa ngozi, nyumbani

Juzi nilikuwa namsaidia shoga yangu, yeye vidole vya mkono wa kulia vimepasukapasuka, mwanawe makalio mekundu na kuzunguka mdomo pia. Walishapewa dawa ya fangasi, wapi. Mi kilichonishtua ni huo mdomo, maana nepi haifiki mdomoni ila waipsi inafika, akimaliza kumlisha uji si anamfuta nayo.

Hatua ya 1: soma lebo
Geuza pakiti, piga picha maandishi madogo, yakuze. Unatafuta Methylisothiazolinone (MI) na mwenzake Methylchloroisothiazolinone (MCI). Ukikuta DMDM Hydantoin au Quaternium-15 weka pembeni pia, hizo zinaachia formalini kidogo kidogo. "Kwa ngozi laini" iliyoandikwa mbele usiisikilize kabisa. Parabeni mi naziacha zipite, mzio wake ni nadra sana.

Hatua ya 2: acha vyote vyenye MI kwa mkupuo
Hapa ndo watu wanakwama. Mzio huu hauji papo hapo, unatokea siku moja hadi tatu baada ya kugusa, kwa hiyo mtu anaacha waipsi Jumatatu, Jumatano ngozi imechachamaa zaidi, anasema aah kumbe sio waipsi, anazirudia. Usihukumu kabla ya wiki tatu au nne, ngozi inapona taratibu. Na usiache kitu kimoja kimoja, utachanganyikiwa. Kwa shoga yangu mtoto alianza kupona, maji na pamba tu, lakini vidole vya mama vikagoma, tukaanza kuzunguka jikoni na bafuni na simu mkononi tukisoma chupa moja moja, MI ikaonekana kwenye sabuni ya maji ya vyombo na kwenye shampuu. Akahamia sabuni ya mche, ambayo kwa kuwa ni kavu mara nyingi haihitaji kihifadhi cha aina hii. Na kama mna chumba kimepakwa rangi ya maji karibuni, usilale humo, MI inapanda na mvuke na inaweza kuwasha uso bila kugusa ukuta.

Ulaya walipiga marufuku MI kwenye vipodozi visivyosuuzwa, waipsi zikiwemo, tangu 2017, na vya kusuuza wakaweka kikomo cha asilimia 0.0015. Ila ukishapata mzio hata kiasi kidogo kinaweza kuuamsha, na madukani kwetu sheria hiyo haikulindi, soma lebo tu.

Hatua ya 3: kipimo
Daktari wa ngozi anabandika mgongoni vibandiko vyenye kemikali zinazopimwa, vinatolewa baada ya saa 48 na ngozi inasomwa tena siku ya nne au zaidi, usiruke hiyo ya pili. Muombe aweke MI peke yake, asilimia 0.2, sio mchanganyiko wa MCI na MI tu, maana humo MI ni kidogo na baadhi ya wenye mzio wanaonekana hawana.