Balista ya kano: namna ya kuisokota hadi ipige palepale

Mwaka 52 KK, mbele ya lango la mji wa Avaricum (leo Bourges, Ufaransa), Mgalia mmoja, mwenyeji wa huko, alikuwa akitupa mabonge ya mafuta mgando na lami kwenye moto uliokuwa ukiunguza mitambo ya Warumi. Mshale ukamchoma ubavu wa kulia, akaanguka. Aliyekuwa karibu yake akaivuka maiti na kuendelea na kazi, naye akauawa vilevile. Wa tatu na wa nne wakafuata. Julius Kaisari, aliyeandika kisa hicho, anasema yalitokea mbele ya macho yake.

Mtambo uliorusha mishale hiyo Warumi waliuita "nge". Balista lilikuwa jina la mitambo ya mawe, kisha baadaye likahamia kwenye ya mishale pia. Mimi ni seremala, na nimeunda mmoja wenye ukubwa wa karibu nusu ya ule wa kawaida. Nguvu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kuufanya upige mahali pamoja mara mbili.

Hatua ya 1: Anza na mshale

Usianze na mbao. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, anatoa kanuni moja inayozaa vipimo vyote vingine: kipenyo cha tundu la kano ni urefu wa mshale ugawanye kwa 9. Mshale wa shubiri tatu, yaani kama sentimita 69, unataka tundu la sentimita 7.7. Fremu ya nge iliyofukuliwa Ampurias, Hispania, mwaka 1912, ina matundu ya karibu sentimita 8, kwa hiyo mafundi waliifuata kweli. Mshale wangu ni sentimita 36, tundu langu 4.

Ukiutazama mtambo kwa mbali utadhani ni upinde mkubwa uliolazwa. Sivyo. Mikono yake ni mbao ngumu zisizopinda. Nguvu iko kwenye vitita viwili vya kano vilivyosimama wima, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kila mkono umechomekwa katikati ya kitita chake. Ukiuvuta upote nyuma, mikono inavisokota vitita zaidi. Ukiuachia, vitita vinajisokotoa na kuisukuma mikono mbele.

Hatua ya 2: Andaa kano

Heron wa Iskandaria, mhandisi wa Kigiriki, anasifu kano za viungo ambavyo mnyama huvitumia sana, kama miguu ya paa na shingo ya fahali. Mimi huagiza buchani zile nene za miguu ya nyuma ya ng'ombe. Kwangua nyama yote, maana ikibaki inaoza, kisha zianike kivulini hadi ziwe ngumu kama pembe. Zigonge kwa nyundo ya mti juu ya gogo. Nyundo ya chuma inakata nyuzi. Baada ya muda kano inapasuka na kuwa kama katani nyeupe, na hapo unaichambua nyuzi kwa nyuzi na kusokota kamba, ukiunga nyuzi mpya kabla ya zile za kwanza kwisha. Kazi hii ndiyo inayokula siku. Kamba yenye mahali pembamba na mahali panene itakusumbua mpaka mwisho, kwa hiyo ipitishe yote katikati ya vidole ukiwa umefumba macho. Vidole vinaona kuliko macho.

Hatua ya 3: Jaza matundu

Juu na chini ya kila tundu kuna ringi ya shaba, na juu ya ringi kumelazwa kipande cha chuma. Kamba inazunguka chuma cha juu, inashuka tunduni, inazunguka cha chini na kupanda tena, mpaka tundu lijae. Kila mzunguko uuvute kwa winchi kabla ya kuufunga. Philon wa Bizanti, naye mhandisi wa Kigiriki, ameacha kipimo kizuri: vuta hadi kamba ipungue theluthi moja ya unene wake. Kamba ya milimita 6 basi ibaki 4. Ipime kwa kalipa, usikisie.

Hatua ya 4: Sokota na usikilize

Chomeka mikono, kisha zungusha ringi. Kwenye kitita kimoja, ringi ya juu na ya chini huzungushwa upande uleule ukitazama kutoka juu. Kitita cha pili kinakwenda kinyume. Zungusha kidogo kidogo, ukifunga kila mara kwa pini ili ringi isirudi.

Sasa gonga kila kitita kwa kidole. Vitruvius anataka mhandisi ajue muziki, na sababu mojawapo ni hii: kamba hazifungwi mpaka za kulia na za kushoto zitoe sauti moja sikioni mwa fundi. Nilipuuza. Nilihesabu tu mizunguko, nikaona ni sawa pande zote, nikapiga. Kwa mita 30 mishale yote ilienda kushoto karibu mita nzima. Nikausogeza mtambo kulia, ikapiga vizuri, nikajisifu. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi kosa lilikuwa limebadilika, kwa sababu kano hunywa unyevu na kulegea, na kitita kilichokuwa upande wa mlango kilikuwa kimelegea zaidi. Nilipokigonga kililia chini ya mwenzake, hata mtoto angesikia. Nikavikausha vyote, nikakaza kile kilegevu hadi sauti zikalingana, na mishale ikaanza kuingia ndani ya upana wa sinia.

Hatua ya 5: Vuta, weka, fyatua

Ubao wa kuteleza unasukumwa mbele, kucha inanasa upote, winchi inavuta nyuma, na meno ya pembeni yanazuia ubao usirudi. Mshale unalala kwenye mfereji wake bila kubanwa. Daima simama kando, kamwe si mbele, na nyuma ya shabaha weka lundo la mchanga. Weka alama ya rangi kwenye jino unaloishia kuvuta, na usiibadilishe.

Jino hilo lina thamani kubwa, na hesabu yake ni fupi. Tuseme mshale unatoka kwa mita 50 kwa sekunde. Ukiacha upinzani wa hewa, mita 100 zinachukua sekunde 2, na katika muda huo mshale unaporomoka mita 20 chini ya mstari wa kulengea, kwa hiyo unalenga juu ili kufidia. Mwendo ukizidi au kupungua kwa asilimia 2 tu, mporomoko unabadilika kwa karibu asilimia 4, yaani sentimita 80: aliyelengwa kifuani anakoswa. Kwa mita 50 kosa hilohilo ni sentimita 20, na mtu bado anapigwa.

Mkono wa mpiga upinde huchoka, na hauvuti sawasawa mara zote. Jino la chuma halichoki. Ndiyo maana kisa cha Avaricum kinaniingia akilini. Wagalia walisimama mahali palepale, mmoja baada ya mwingine, na mtambo ulikuwa umekwisha kulengwa. Wapigaji hawakuhitaji kulenga upya, walivuta tu hadi jino lilelile.

Hatua ya 6: Legeza

Ukimaliza, toa pini na urudishe ringi nyuma. Kano zikiachwa zimekazwa usiku kucha zinazoea, na kesho hazirudi na nguvu ileile. Funika vitita kwa ngozi, na kabla ya mshale wa kwanza wa kesho vigonge tena.