Somo: Samaki wa nazi wa keto, na jinsi ya kuhakiki kama kweli mafuta ndiyo yanayobeba kalori

Wadau, habari za jioni. Nilipoanza keto niliacha ugali, wali na chapati, nikahamia kifua cha kuku kisicho na ngozi, mchicha na kijiko cha chai cha mafuta. Nilijiona nimefika. Siku nilipopiga hesabu ya ile sahani, mafuta yalikuwa yanatoa asilimia 29 tu ya kalori zake. Wanga ulikuwa umetoka kweli, ila nafasi yake ilichukuliwa na protini. Kwenye keto ya kawaida watu hulenga mafuta yatoe kama asilimia 70, kwa hiyo leo tunapika sahani moja na kuihakiki hadi mwisho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4, ya wanga 4.

```
asilimia = (mafuta × 9) ÷ (mafuta × 9 + protini × 4 + wanga × 4) × 100
```

Hatua ya kwanza ni kupima vikiwa vibichi. Samaki akiiva anapoteza maji na mchicha unanywea hadi unakaa kwenye kiganja, na takwimu ninazotumia hapa ni za vibichi. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Mimi nachukua gramu 150 za changu, nyama tupu, bila kichwa wala miiba (samaki mzima huwa karibu mara mbili ya hapo). Hiyo ni protini gramu 30 na mafuta gramu 2 hivi. Changu ni mtamu, lakini hana mafuta, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Mchicha gramu 150 unaleta wanga gramu 6 na protini 4. Kitunguu nusu na nyanya ndogo vinaleta wanga gramu 5 na protini 1. Kitunguu kina sukari kuliko tunavyodhani, kwa hiyo nusu ibaki nusu.

Sasa tui, na hapa naomba tutulie. Nahesabu mililita 100 za tui zito: mafuta gramu 21, protini 2, wanga 3. Tui zito ni lile la kwanza, nazi ikikunwa na kukamuliwa kwa maji kidogo ya uvuguvugu, linalofunika mgongo wa kijiko na kubaki hapo. Ukirudishia machicha maji na kukamua tena unapata tui la pili, ambalo ni jeupe vilevile lakini mafuta yake ni machache sana. Ukipikia la pili halafu ukaandika gramu 21, hesabu yote imekufa. Tui la pakiti nalo hutofautiana, mengine yameongezwa maji mengi. Soma mstari wa mafuta kwa kila mililita 100 uandike namba hiyo, achana na yangu.

Mwisho, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kukaangia, gramu 14. Kijiko kiwe cha kupimia, maana kumimina kutoka kwenye chupa huku unaongea na simu si kipimo.

Jumlisha: mafuta 2 + 21 + 14 = 37. Protini 30 + 4 + 1 + 2 = 37. Wanga 6 + 5 + 3 = 14.

Kwa kalori, mafuta ni 333, protini 148, wanga 56, jumla 537. Gawanya 333 kwa 537, unapata asilimia 62. Mafuta yameshatoa zaidi ya nusu ya kalori, ingawa kwa gramu yamelingana tu na protini. Lakini 70 bado.

Kuna njia ya mkato ninayoitumia nikiwa mbele ya jiko: gramu za mafuta zikilingana na gramu za protini na wanga ukizijumlisha, mafuta yanatoa asilimia 69. Siku zote, kwa chakula chochote, kwa sababu ni 9 kwa 13. Hapa protini na wanga ni 51, mafuta ni 37. Pungufu ni gramu 14, yaani kijiko kimoja zaidi cha mafuta. Ukikiongeza umefika. Usipopenda mchuzi wa mafuta mengi, weka pembeni gramu 100 za parachichi, ambazo zina mafuta gramu 15. Hapo utafika kama asilimia 68, ukiondoa nyuzinyuzi kwenye wanga wa parachichi.

Wa kwanza kukosea huwa ni yule anayeona sahani imepungua mafuta akaongeza samaki. Kila gramu 100 za changu zinaongeza protini 20, na asilimia inashuka tena.

Maswali

Dada yangu, hizo nyuzinyuzi zinaondolewa vipi? Kwangu parachichi linaonyesha wanga gramu 9.
Ni sawa, lakini karibu gramu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Unahesabu 2. Angalia tu usiondoe mara mbili: kwenye pakiti za Ulaya wanga ulioandikwa tayari umetengwa na nyuzinyuzi, za Marekani bado zimo ndani yake.

Mkuu, kwa hesabu hiyo chipsi mayai si keto? Mafuta yamejaa!
Umenichekesha, ila swali ni zuri. Chipsi gramu 150, mayai mawili na mafuta ya kukaangia, mafuta yanaweza kweli kupita nusu ya kalori. Lakini sahani hiyo ina wanga gramu 60 hivi, na wanaofuata keto hukaa kati ya gramu 20 na 50 kwa siku nzima. Kwa hiyo hakiki mambo mawili: asilimia ya mafuta, na gramu za wanga. Moja peke yake haitoshi.

Mwanangu ana kifafa, nimesikia keto inasaidia. Naweza kumpikia hii?
Hapana mama, hii siyo ile. Keto ya kifafa ilianzishwa 1921 na daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo, Marekani. Ile ya kawaida yake ni gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga pamoja, yaani asilimia 90 ya kalori. Mtoto hupangiwa na daktari na mtaalamu wa lishe, na hufuatiliwa. Usimwanzishie nyumbani.

Shikamoo. Mume wangu anachoma insulini, naye tumpikie?
Marahaba mwanangu. Kabla ya kupunguza wanga aonane na daktari wake, kwa sababu dozi aliyopangiwa iliendana na ugali. Wanga ukitoka na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Wanaotumia glibenklamaidi ni vivyo hivyo. Wa dapagliflozini wana hatari nyingine, damu kujaa tindikali hata sukari ikisoma vizuri.

Mafuta mengine yanabaki kwenye kikaango. Nayahesabu?
Yaliyobaki hukuyala. Pima kikaango kitupu kabla ya kuanza, kipime tena ukishapakua, tofauti ndiyo iliyobaki humo. Mimi niliwahi kukuta gramu 9 zimebaki na mchuzi kidogo. Siku hizi nakwangua kwa mwiko wa mpira na kumwagia juu ya mchicha.