Somo: Kugharimia gari moja moja kwenye yadi, kwa namba ya chesisi

Somo hili ni la yadi inayoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani na kuyauza Dar es Salaam. Tuchukulie yadi imesajiliwa VAT na inadai VAT ya forodha irudishwe, kwa hiyo VAT haionekani popote kwenye hesabu zifuatazo. Kama hujasajiliwa, VAT uliyolipa bandarini hairudi, basi nayo ni sehemu ya gharama ya gari.

Kwa nini gari lisigharimiwe kwa wastani kama saruji? Mfuko mmoja wa saruji ukichukua nafasi ya mwingine, mnunuzi hajali. Gari halibadilishwi hivyo: IST mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kutofautiana kwa injini, kwa kilomita na kwa bei uliyozinunulia. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka bidhaa zisizobadilishana kwa kawaida zibebe kila moja gharama yake yenyewe. Hapa huna hiari ya kuchagua njia nyingine.

Hatua ya 1: Fungua kadi ya gharama ya kila gari kwa namba ya chesisi

Usitumie namba ya usajili, kwa sababu gari likiwa bado melini halina. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida halina ile namba ya tarakimu na herufi 17. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, kwa mfano NCP60 na kistari na tarakimu zinazofuata. Iandike yote kama ilivyo. Ilinganishe kwenye karatasi tatu: ankara ya muuzaji, hati ya mzigo ya meli, na cheti cha Japani cha kufuta usajili. Gari likifika, soma namba iliyogongwa kwenye bodi lenyewe. Kosa la tarakimu moja likigunduliwa siku gari linafika ni kero ndogo, lakini likigunduliwa mnunuzi akiwa ameshalipa ni balaa.

Hatua ya 2: Weka gharama za gari lenyewe

Mfano wetu una magari matatu yaliyokuja na meli moja. Tutayaita kwa tarakimu nne za mwisho za chesisi: IST 4417, IST 0936 na Harrier 2258.

Bei ya CIF, yaani gari pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ilikuwa Sh 8,400,000 kwa 4417, Sh 7,100,000 kwa 0936 na Sh 17,600,000 kwa Harrier. Shilingi hizi zimepatikana kwa kiwango cha dola cha siku ulipotuma pesa, kwa kuwa ulilipa kabla ya kupakia. Dola ikipanda baadaye, kadi haiguswi. Kama ungekuwa umechukua kwa mkopo wa muuzaji, tofauti ya dola kati ya siku ya kulipokea deni na siku ya kulilipa ingeingia kwenye faida na hasara, sio kwenye gari.

Ushuru na kodi zisizorudishwa: Sh 5,200,000 kwa kila IST na Sh 11,300,000 kwa Harrier. Ona kwamba IST mbili zimelipiwa sawa ingawa moja ilinunuliwa kwa bei ndogo. TRA hukadiria magari yaliyotumika kwa mfumo wake wa thamani, unaoangalia aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, hata kama ankara yako inasema bei tofauti. Kwa hiyo usikokotoe ushuru kwa asilimia ya ankara ukaujaza kwenye kadi. Chukua kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya malipo ya gari husika.

Hatua ya 3: Gawa gharama za pamoja

Hapa ndipo kadi nyingi huharibika. Kila gharama igawe kwa kile kinachoisababisha. Wakala wa forodha ametoza Sh 1,200,000 kwa magari matatu, na kila gari lina faili lake na kazi ileile, basi ni Sh 400,000 kila moja. Madereva wa kuyatoa bandarini hadi yadi, Sh 150,000, nao ni sawa kwa sawa: Sh 50,000. Benki ilikata Sh 165,500 kwa kutuma pesa zote kwa mkupuo, na makato yalifuata kiasi. Hizo zigawe kwa bei ya CIF: Sh 42,000, Sh 35,500 na Sh 88,000.

Nauli ya meli ikija kwenye ankara yake, usiigawe kwa bei. Meli za kubebea magari hutoza kwa mita za ujazo, kwa hiyo Noah ya bei nafuu inaweza kubeba nauli kubwa kuliko Crown ya bei ghali.

Hatua ya 4: Matengenezo kabla ya kuuza

Kinacholifanya gari liuzike kinaingia kwenye kadi: betri ya 4417, Sh 180,000, maunti za injini na rangi ya bampa ya 0936, Sh 620,000, matairi manne ya Harrier, Sh 1,240,000. Fundi aandike chesisi kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "matengenezo ya magari" tu haina kazi.

Jumla za kadi sasa ni hizi:

IST 4417: Sh 14,272,000
IST 0936: Sh 13,405,500
Harrier 2258: Sh 30,678,000
Zote: Sh 58,355,500

Visivyoingia: pango la yadi, mshahara wa mlinzi, tangazo, kamisheni ya dalali. Harrier ilikaa bandarini siku za ziada kwa sababu karatasi zilichelewa, ikatozwa Sh 740,000 za kuhifadhi. Hiyo ni hasara ya mwezi huo. Uzembe hauliongezei gari thamani, na ukiuficha kwenye kadi utaonekana tu baadaye kama gari lisilo na faida.

Hatua ya 5: Siku ya kuuza, toa kadi ya gari lililoondoka

4417 imeuzwa Sh 16,500,000 bila VAT. Gharama ya mauzo ni Sh 14,272,000 na faida ghafi ni Sh 2,228,000. Stoki inabaki Sh 44,083,500, na kadi mbili zilizobaki lazima zifike hapo hapo. Ungetumia wastani wa magari matatu, Sh 19,451,833, daftari lingesema umepata hasara ya Sh 2,951,833 kwa gari lililokulipa vizuri. Na ukisema utoe la kwanza kuingia, lipi la kwanza? Yote yalishuka siku moja.

Kosa la siku hii ni kutoa kadi ya IST nyingine. Muuzaji anaandika "IST silva" kwenye risiti, karani anachukua kadi ya kwanza aliyoiona, na faida inapotoka kwa Sh 866,500. Dalili yake: kwenye kuhesabu magari mwisho wa mwezi, idadi inakubali lakini chesisi zinakataa. Kwa hiyo anayehesabu asome chesisi, asihesabu paa.

Hatua ya 6: Mwisho wa mwaka, pima kila gari peke yake

Harrier haijauzika. Bei inayopatikana sasa ni Sh 31,000,000, na dalali atachukua Sh 800,000, kwa hiyo kitakachobaki mkononi ni Sh 30,200,000. Kadi inasema Sh 30,678,000. Punguza Sh 478,000 leo. Huwezi kusema faida inayotarajiwa kwa 0936 itafidia, kwa sababu kipimo ni cha gari moja moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mteja amechukua 0936 kwa Sh 15,300,000, akanipa Vitz yake tukaikubali kwa 6,500,000 na taslimu 8,800,000. Kadi ya Vitz nianze na ngapi?

Anza na bei ambayo Vitz hiyo ingenunuliwa leo sokoni, sio ile mliyokubaliana. Tuseme, VAT kando, ni Sh 5,600,000. Basi 0936 umeiuza kwa Sh 14,400,000, na faida ni Sh 994,500. Ile 900,000 ya juu ni punguzo ulilompa mteja kwa jina jingine. Ukiiingiza Vitz kwa 6,500,000 utafurahia faida ya leo, kisha uje ulie Vitz ikiuzwa.

Fundi ameleta bili ya Sh 95,000 ya 4417 wiki mbili baada ya kuuzwa. Nimeiweka kwenye Harrier ili isipotee. Ni sawa?

Hapana, ndugu. Iondoe huko, iende moja kwa moja kwenye gharama ya mauzo ya 4417. Ili isijirudie, kabla ya kufunga kadi muulize fundi na wakala kama kuna bili ya gari hilo haijaletwa, na kama ipo, weka makisio yake siku ya mauzo.

Kuna magari ya watu wameyaacha kwangu niwauzie. Nayafungulia kadi?

Ya kumbukumbu, ndiyo, lakini yenye gharama sifuri na nje ya jumla ya stoki, maana si mali yako. Ukiuza, mapato yako ni kamisheni. Ukimbadilishia mwenyewe betri kwa makubaliano akurudishie, hilo ni deni lake kwako.

Natumia Excel. 0936 inajiandika 936 na jumla hazikubali.

Excel imeiona ni namba ikala sifuri. Andika chesisi nzima yenye herufi na kistari, ukiipa seli muundo wa maandishi. Gharama zote ziwe kwenye karatasi moja iitwayo Gharama, kila mstari gharama moja, chesisi safu ya B na kiasi safu ya D. Kisha kwenye orodha ya magari:

```
=SUMIFS(Gharama!D:D,Gharama!B:B,A2)
```

Ikirudisha kiasi pungufu, tafuta nafasi iliyobaki mwishoni mwa chesisi. Haionekani kwa macho, lakini Excel huiona ni gari jingine.

Mimi ni sonara Arusha, nina tanzanaiti na cheni za dhahabu. Njia hii inanihusu?

Dada, kwa jiwe lenye uzito, rangi na cheti chake, ndiyo: namba ya cheti au ya kipakiti ndiyo chesisi yako. Cheni za aina moja unazouza kwa gramu zinabadilishana, hizo tumia wastani. Ukilazimisha kuzitambua moja moja utakuwa na mwanya wa kuchagua cheni ya bei rahisi unapotaka faida na ya bei ghali unapotaka kuipunguza, na ndiyo maana IAS 2 hairuhusu.

Mawe matatu nimenunua kwa mkupuo, Sh 6,000,000. Nigawe kwa karati?

Usifanye hivyo. Jiwe dogo la bluu iliyokolea linaweza kuzidi kubwa lililopauka. Yapange kwanza, kisha gawa kwa bei unazotarajia kuuza. Kama ni Sh 5,000,000, 3,000,000 na 2,000,000, gharama ni Sh 3,000,000, 1,800,000 na 1,200,000. Uamuzi huo uandike siku ya kununua, kabla hujajua lipi litauzika.