Malipo ya siku au mshahara wa mwezi: piga hesabu kabla ya kusaini

Kosa la kwanza nililofanya nilipoacha ajira ni kuzidisha malipo ya siku mara 22 na kuona nimepata mshahara mnono. Mwezi ambao mteja alifunga ofisi wiki mbili, sikulipwa hata siku moja ya hizo. Tangu hapo naanza na siku, si pesa.

Tuseme mshahara ni 1,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote, na umeletewa mkataba wa kujitegemea wa 60 kwa siku. Ukizidisha mara 22 unapata 1,320, na inaonekana umepanda.

Hatua ya 1: Tafuta siku utakazolipwa kweli. Toa wikendi kwenye mwaka, zinabaki siku 261 hivi. Toa sikukuu 10, likizo 21 na siku 5 za kuugua: 225. Mwajiriwa analipwa hizo 36 akiwa nyumbani, wewe hulipwi. Sasa toa siku za kutafuta kazi, kuandika ankara na kukaa bure kati ya mkataba na mkataba. Mimi huweka 45. Zinabaki 180.

Hatua ya 2: Orodhesha anachokulipia mwajiri. Fungua hati ya mshahara na barua ya ajira, maana mchango wa mwajiri mara nyingi hauonekani kwenye pesa inayoingia benki. Katika mfano wetu: pensheni 1,200 kwa mwaka, bima ya afya 600. Ongeza kompyuta, intaneti na mhasibu, 900. Jumla 2,700.

Hatua ya 3: Gawanya. Mshahara wa mwaka 12,000, jumlisha 2,700, ni 14,700. Gawa kwa 180: takriban 82 kwa siku. Hapo ndipo unapolingana na ajira, bado hujapata faida. Kwa 60 utaingiza 10,800, na ukitoa gharama unabaki na 8,100, yaani 675 kwa mwezi.

Hatua ya 4: Pima usalama wa kazi. Wengi hapa huongeza asilimia fulani kwa kukisia. Mimi nabadilisha zile siku 45 tu. Soma kifungu cha kuvunja mkataba: kama mteja anaweza kukuacha kwa notisi ya siku 7, weka siku 65 za kukaa bure, na kima kinafika 92. Kama mkataba ni wa mwaka mzima na hauvunjwi bila malipo, 15 zinatosha, kinashuka hadi 70. Ukishafanya hivyo usiongeze tena asilimia ya hatari, utakuwa umehesabu jambo moja mara mbili.

Hesabu yote hii ni kabla ya kodi, pande zote mbili. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi. Wewe huenda ukadaiwa kwa mkupuo, kwa hiyo fungua akaunti ya pembeni na uweke fungu la kodi siku ile ile ankara inapolipwa.

Kiinua mgongo nakiacha nje, isipokuwa barua ya ajira inakitaja kwa kiasi. Kikitajwa, kigawe kwa miaka unayotarajia kukaa kazini, kisha kiongeze kwenye ile 2,700.