Namna ya kukokotoa nauli pale kampuni moja inapotangulia kutangaza bei

Mwongozo huu unashughulikia soko lenye wauzaji wawili tu, ambao huduma zao zinakaribiana bila kulingana, na kila mmoja anashindana kwa kupanga bei. Nitalinganisha hali mbili: ya kwanza, wote wanapanga bei kwa wakati mmoja bila kuonana, ya pili, mmoja anatangaza kwanza na mwenzake anaiona bei hiyo kabla ya kupanga yake. Hali ya kwanza inahusishwa na Bertrand, Mfaransa aliyeandika mwaka 1883, na wazo la kutangulia linahusishwa na Stackelberg, Mjerumani aliyeandika mwaka 1934. Hesabu inayohitajika ni ya sekondari.

Hatua ya kwanza: andika mahitaji na gharama

Tuchukue mfano wa kubuni wa boti mbili zinazotoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba. Boti A huondoka asubuhi na huenda haraka. Boti B husafiri usiku na hupokea mizigo mingi. Baadhi ya abiria hawatabadili boti hata nauli ikipanda kidogo, na wengine watahama. Nauli, p, ziwe katika maelfu ya shilingi, na abiria, q, wahesabiwe kwa safari moja:

```
qA = 180 - 4pA + 2pB
qB = 180 - 4pB + 2pA
```

Kila elfu moja A anayoongeza inamfukuzia abiria wanne, na wawili kati yao wanahamia kwa B. Wawili waliobaki wanaahirisha safari. Gharama inayoongezeka kwa kila abiria mmoja, yaani tozo ya bandari, kamisheni ya wakala wa tiketi na mengineyo ya aina hiyo, iwe 6. Mafuta ya boti yasiingizwe hapa, kwa sababu yanaungua hata kiti kikiwa kitupu. Yanapunguza faida ya safari nzima lakini hayabadilishi nauli iliyo bora. Wengi hukosea hapa, wakagawanya gharama zote kwa idadi ya abiria na kupata nauli ambayo soko haliikubali.

Hatua ya pili: tafuta jibu la kila mmoja kwa bei ya mwenzake

Faida ya A ni (pA − 6) mara idadi ya abiria wake. Zao hilo ni sifuri katika nauli mbili: pale pA inapokuwa 6, na pale abiria wote wanapokwisha, yaani pA inapofikia 45 + pB/2. Kwa kuwa mchoro wa faida ni kilima kilicholingana pande zote, kilele chake kiko katikati kabisa ya nauli hizo mbili:

```
pA = (102 + pB) / 4
```

Kwa B ni vivyo hivyo, ukibadilisha herufi. Tazama ile robo: mwenzako akipandisha nauli kwa elfu nne, inakufaa upandishe yako kwa elfu moja. Bei zinafuatana kwenda juu, lakini anayefuata anapiga hatua fupi. Matokeo yote ya hapa mbele yanatokana na jambo hilo.

Hatua ya tatu: bei za wakati mmoja

Kila mmoja anapojibu vizuri bei ya mwenzake na hakuna mwenye sababu ya kubadili, nauli zote mbili ni 34. Hakiki: (102 + 34) / 4 = 34. Kila boti inapata abiria 112, na faida kabla ya mafuta ni 28 × 112, yaani shilingi 3,136,000.

Hatua ya nne: A anatangulia

Sasa A anajua kwamba B ataiona nauli yake na kuijibu kwa kanuni ya hatua ya pili. Kwa hiyo haichukulii nauli ya B kuwa imeganda, bali anaiweka kanuni hiyo ndani ya mahitaji yake mwenyewe:

```
qA = 180 - 4pA + 2(102 + pA)/4 = 231 - 3.5pA
```

Abiria wake sasa wanapungua kwa watu watatu na nusu kwa kila elfu, badala ya wanne, kwa sababu kupanda kwake kunamvuta B juu kidogo. Nauli zinazofuta faida ni 6 na 66. Kilele kiko 36. B anajibu kwa 34.5. A anabeba abiria 105 na kupata shilingi 3,150,000. B anabeba 114 na kupata shilingi 3,249,000.

Wote wawili wamenufaika kuliko katika hatua ya tatu, na abiria ndio wanaolipa zaidi. Lakini kiongozi ameongeza shilingi 14,000 tu, na mfuasi ameongeza 113,000. Wanaoshindana kwa kiasi cha bidhaa huwa kinyume chake: anayetangulia kujaza soko humlazimisha mwenzake apunguze. Katika bei, anayetangulia hubeba mzigo wa kupandisha, na anayefuata humpunguzia kidogo na kuchukua abiria wake. Kwa hiyo kampuni mbili zinazolingana zitasubiriana, kila moja ikitaka nyingine ianze, na wakisubiri hadi siku ya mwisho wamerudi kwenye 34.

Hatua ya tano: pima kama uongozi ni wa kweli

Kutangulia kwa tarehe hakutoshi. Lazima A asiweze kurudi nyuma. B akishaweka 34.5, jibu bora la A ni (102 + 34.5) / 4, yaani 34.125, na hapo angepata takriban shilingi 3,164,000. Kishawishi kipo. Ikiwa mawakala wa A wanaweza kutoa punguzo la chini kwa chini, B hataiamini 36 iliyobandikwa ukutani, na hesabu sahihi ni ya hatua ya tatu.

Ukiwa na kumbukumbu za nauli, angalia ukubwa wa mwitikio. Katika mfano huu mfuasi anapanda kwa robo. Ukiona anapanda shilingi kwa shilingi, tafuta maelezo mengine, kama makubaliano ya siri au gharama iliyowapata wote. Tozo ya kila abiria ikipanda kwa elfu tatu, nauli za wakati mmoja zinatoka 34 kwenda 36 kwa boti zote mbili bila yeyote kuongoza.

Hatua ya sita: angalia viti

Hesabu ya hatua ya nne inadhani B ana nafasi ya abiria 114. Tuseme cheti chake kinaruhusu 112 tu. A akiweka 36, B hana haja ya kubaki 34.5, kwa kuwa wawili wa ziada hawezi kuwachukua. Anapandisha hadi 35, mahali wanapobaki 112 kamili, na faida yake inashuka kwa shilingi elfu moja tu. A, bila kufanya lolote, anapata abiria 106 na shilingi 3,180,000.

Hapo kanuni ya B imebadilika kuwa pB = 17 + pA/2, yaani anafuata kwa nusu badala ya robo, na mahitaji ya A yanakuwa 214 − 3pA. Ukirudia hesabu ya katikati, kilele cha A kinahamia takriban 38.67, B anaweka takriban 36.33, na faida ya A inafika takriban shilingi 3,201,000. Faida ya ziada ya kiongozi imepanda kutoka 14,000 hadi karibu 65,000 kwa sababu boti ya mwenzake haina viti viwili zaidi. Basi kabla ya kuamua kutangulia, ujue idadi ya viti vya mwenzako, na urudie hatua ya nne kwa kanuni yake halisi.