Kabla hujasimama kuelezea mchoro wa foku ya DNA, hakikisha haya kwanza

Ijumaa iliyopita tulikuwa na diskasheni ya baiolojia huku Temeke, vijana wa fomu sikisi kama tisa hivi, na mmoja wao akasimama ubaoni kuelezea ule mchoro wa DNA inavyojinakili. Mchoro ulikuwa mzuri tu, nyuzi mbili zimeachana kama uma, hiyo ndiyo foku yenyewe, akaanza kuongea vizuri, ila alipofika kwenye vile vipande vifupi akachora mishale yote inaelekea upande mmoja, mwenzake akamuuliza sasa kama yote inaelekea huko kwa nini huyu wa chini yeye anakatakata vipande, akakwama hapo hapo. Nimeona hilo mara nyingi sana na karibu kila mara chanzo ni kile kile, mtu amekariri picha ila hajaikagua kabla ya kusimama. Kwa hiyo naandika hapa vitu ambavyo mimi huwa nahakikisha kwanza, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata nikiwa na karatasi mkononi.

Cha kwanza kabisa, kabla ya jina lolote, tafuta mdomo wa foku uko wapi. Yaani pale ambapo nyuzi mbili bado zimeshikana ndio mbele, na pale zilipoachana ndio nyuma. Kwenye mfano wangu hapa DNA imeshikana upande wa kulia, imefunguka upande wa kushoto, kwa hiyo foku inasogea kwenda kulia, na helikezi inayofungua nyuzi ninaichora pale pale kwenye mdomo. Chora mshale mmoja mkubwa pembeni kuonyesha foku inaelekea wapi, maana maneno yote yanayofuata yanautegemea huo mshale, usipokuwepo hata wewe mwenyewe katikati ya maelezo utapotea.

Kisha andika namba za ncha, 5' na 3', kwenye nyuzi mama zote mbili, yaani zile za zamani zinazonakiliwa, na usiziache hata kama mwalimu wako hakuziandika. Hapa kuna mtego wa masikio kwa sababu sisi tunasema "tano praimu" na "tatu praimu" halafu baadae tunasema "praima", watu wanadhani ni kitu kimoja. Praimu ni jina la ncha ya uzi tu, inatokana na namba ya kaboni kwenye sukari ya DNA. Praima ni kipande kidogo cha RNA cha kuanzishia kazi. Mimi nikiwa na darasa lisilonijua naitamka tofauti hiyo mapema, inachukua nusu dakika na inaokoa maswali mengi.

Sasa tuseme uzi mama wa juu umeandikwa 3' kushoto na 5' kulia. Nyuzi za DNA zinalala kinyume, hivyo wa chini lazima uwe 5' kushoto na 3' kulia. Ukikuta mchoro ambao nyuzi mama zote mbili zina 5' upande mmoja, huo mchoro una kosa, usiutumie, rekebisha kwanza.

Hapo ndio tunafika kwenye kanuni inayobeba kila kitu, na ukiielewa hii hata ukisahau majina bado utajieleza. Polimerezi, ambayo ndiyo inajenga uzi mpya, inaongeza nyukleotidi, yaani herufi moja moja za DNA, kwenye ncha ya 3' peke yake. Kwa hiyo uzi mpya unakua kutoka 5' kwenda 3' na hakuna namna nyingine. Ukiulizwa kwa nini, usiseme tu "ndivyo ilivyo". Nyukleotidi inayokuja inakuja na fosfeti tatu, mbili zinakatika na ule mkatiko ndio unatoa nguvu ya kuunganisha. Polimerezi ikiona imeweka herufi mbovu inaikata, na ikiikata ncha ya 3' inabaki salama, nyukleotidi mpya inakuja na nguvu yake yenyewe na kazi inaendelea. Uzi ungekuwa unakua upande wa 5' ile nguvu ingekuwa imekaa kwenye ncha ya uzi, ukikata herufi mbovu umeondoka na nguvu yote, unabaki umekwama. Mimi naona haya ndio maelezo mazuri kuliko yote kwenye topiki hii na yanarukwa sana.

Ukishaweka kanuni hiyo mishale inajichora yenyewe. Uzi mpya wa juu una 5' kushoto na 3' kulia, unakua kwenda kulia, sawa na foku inakoelekea, unaifuata tu bila kukatika, huo ndio lidingi. Uzi mpya wa chini una 5' kulia na 3' kushoto, kwa hiyo unakua kwenda kushoto, unaipa foku mgongo. Foku ikishafungua kipande kingine mbele, hapo nyuma yake pamebaki pakavu, inabidi kazi ianze upya karibu na mdomo halafu irudi kushoto mpaka igongane na kipande cha zamani. Huo ndio lagingi, na ndio sababu ya vipande. Huwa nawatajia fundi cherehani, zile za barazani Kariakoo, cherehani inavuta kitambaa upande mmoja tu, sasa mtu akikufungulia zipu ndefu taratibu na wewe unashona pindo la kila upande, pindo moja utashona moja kwa moja ukiifuata zipu, la pili itabidi usubiri ifunguke kidogo, uanzie kwenye zipu ushone kurudi nyuma, ukate uzi, urudi tena mbele. Ila waambie pia mfano una mpaka wake, ndani ya seli hakuna fundi anayekimbia huku na huku, polimerezi za pande zote mbili zimeshikwa pamoja kwenye mtambo mmoja na uzi mama wa lagingi unajikunja kama kitanzi ili zote zisogee na foku.

Sasa praima, hapa ndipo naomba utumie kalamu ya rangi nyingine. Polimerezi haiwezi kuanza hewani, inahitaji ncha ya 3' ambayo tayari ipo, kwa hiyo praimezi inaandika kwanza RNA fupi, kama herufi kumi hivi. Lidingi inahitaji moja tu ya kuanzia. Lagingi kila kipande na praima yake. Na praima inakaa upande gani wa kipande? Inakaa pale kipande kilipoanzia, yaani kwenye ncha yake ya 5', na kwa mchoro wetu huo ni upande wa kulia, upande unaoangalia mdomo wa foku. Watu wengi wanaichora kushoto kwa sababu tumezoea kuanza kuandika kushoto.

Ukitaka kujikagua fanya na herufi kabisa. Chukua kipande cha uzi mama wa chini na ujifanye praima ina herufi tatu tu ili karatasi itoshe:

```
uzi mama  5'-ATGCCTAG-3'
uzi mpya  3'-TACGGAUC-5'
```

Angalia ile U, iko kulia, kwenye sehemu ya RNA ambayo ni AUC. Usome uzi mpya kwa mpangilio ulivyojengwa, kutoka 5', utapata CUA kwanza halafu GGCAT, yaani RNA imetangulia na DNA imefuata. Kama kwenye mchoro wako U imeangukia kushoto basi praima umeiweka mwisho wa kazi badala ya mwanzo, futa.

Baada ya hapo vipe vipande namba, na hapa tulia kidogo. Kipande namba moja, yaani cha zamani zaidi, ni kile cha mbali na mdomo. Kipya kabisa ndio kilicho karibu na mdomo, na mara nyingi hakijamalizika. Namba hizi zitakusaidia kwenye usafi wa mwisho, maana praima za RNA lazima zitolewe na nafasi ijazwe DNA. Praima ya kipande cha kwanza iko kulia kwake, na jirani yake wa kulia ni kipande cha pili, ambacho ncha yake ya 3' inaangalia kushoto, kwenye hiyo hiyo praima. Kwa hiyo kipande kipya ndicho kinarefushwa kujaza nafasi ya praima ya kipande cha zamani. Kwenye bakteria kama E. coli kazi ya kutoa na kujaza inafanywa na polimerezi namba moja. Ikishajaza, herufi zote zipo ila kifungo kimoja cha mwisho kati ya vipande viwili hakijafungwa, hicho anafunga ligezi. Ukichora, pengo la praima liwe pana na mkato wa ligezi uwe kamstari tu, ukivichora sawa wanafunzi watadhani ligezi inajaza herufi, na haijazi.

Andaa na hesabu moja ndogo. Vipande hivi kwa bakteria vina urefu wa nyukleotidi kama 1000 mpaka 2000, kwa seli kama zetu ni kama 100 mpaka 200. Foku ikishafungua besi 3000, ukichukua 1500 kwa bakteria unapata vipande viwili, ukichukua 150 kwa binadamu unapata ishirini na praima ishirini, wakati lidingi pale juu imeendelea na moja ile ile. Na mtu akiuliza nani aliviona, ni mke na mume Wajapani, Reiji na Tsuneko Okazaki wa Nagoya, walichapisha mwaka 1968. Waliwapa bakteria thaimidini yenye mionzi kwa sekunde chache tu, wakakuta mionzi mingi iko kwenye vipande vifupi vya DNA, wakiacha muda upite zaidi inahamia kwenye nyuzi ndefu, yaani vipande vilikuwa vimeshaungwa.

Swali ambalo karibu lazima litakuja ni je, uzi wa juu ndio lidingi siku zote? Hapana, na usikubali mtu akariri hivyo. Chora kiputo kizima chenye foku mbili, moja inaenda kulia nyingine kushoto. Uzi mama ule ule wa juu ambao kulia unanakiliwa moja kwa moja, kwenye foku ya kushoto unanakiliwa kwa vipande. Ncha na mwelekeo wa foku ndio vinaamua.

Na lingine, kwa wale wanaofuatilia kweli, ni kwamba itakuwaje mwisho kabisa wa kromosomu? Rudi kwenye zile namba za vipande. Praima ya kipande cha mwisho kule ukingoni kulia ikitolewa, hakuna tena kipande kipya zaidi upande wake wa kulia cha kurefushwa kuijaza, nafasi inabaki wazi. Bakteria wengi DNA yao ni duara, hawana ukingo, hawana shida hiyo. Sisi tuna telomea kwenye ncha, herufi za TTAGGG zinazojirudia, na kwenye seli nyingi za mwili zinapungua kidogo kidogo kila seli inapogawanyika, isipokuwa pale ambapo telomerezi ipo ya kuziongeza.