Kabla ya pepa ya famakokinetiki, kaa kwanza na digoksini

Wadau, kama pepa iko wiki ijayo na bado unakariri ufyonzwaji, usambazaji, umetaboli na utoaji kama vitu vinne vya kwenye notsi, weka notsi pembeni kidogo, chukua dawa moja uifuate toka inamezwa mpaka inatoka. Mimi nawashauri digoksini, ile ya moyo, maana kila hatua yake inageuka swali la mtihani.

Kwanza hakikisha unajua kidonge kikimezwa sio chote kinaingia kwenye damu. Kwa digoksini piga hesabu na asilimia 70, ndo F = 0.7, kwa hiyo kidonge cha 0.25 mg, yaani maikrogramu 250, kinakupa maikrogramu 175 hivi mwilini.

Usambazaji ndo upo moyo wa hii dawa, hapa usikimbie. Volyumu yake ni kama lita 500 kwa mtu mzima, na hakuna binadamu mwenye lita 500 za maji mwilini, hiyo namba inakwambia tu kwamba dawa imehama damu ikaenda kujishika kwenye misuli, ya moyo na ya mifupa. Ukilielewa hilo utajibu mwenyewe kwa nini mgonjwa aliyezidishiwa digoksini dayalisisi haimsaidii (mashine inasafisha damu, na kwenye damu dawa ipo kidogo sana), na pia kwa nini damu ya kupima kiwango inachukuliwa angalau masaa 6 baada ya dozi, ukiwahi unakuta namba kubwa ya uongo kwa sababu dawa bado haijaingia kwenye tishu.

Ini halina kazi kubwa hapa, sehemu kubwa inatoka na mkojo ikiwa vilevile. Kwa hiyo swali likitaja kreatinini imepanda, ujue klirensi ndo inaguswa.

Sasa hafu laifu. Fomula uwe nayo kichwani:

```
t½ = 0.693 × Vd / CL
```

Chukua klirensi lita 9 kwa saa, inakuja masaa 38 na nusu. Maana yake ndani ya masaa 24 mwili unatoa kama theluthi moja tu ya dawa iliyomo, ndo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha, kiwango hakiporomoki kabla ya dozi ya kesho. Na kwa kuwa stedi steti inafikiwa baada ya hafu laifu 4 mpaka 5, hapo unaongelea siku 6 mpaka 8, kwa hiyo ukipima siku ya pili ukaona kiwango kiko chini ukaongeza dozi, umeshamtengenezea mgonjwa sumu ya wiki ijayo.

Kiwango chenyewe kitakuwa ngapi? Kwa siku zinaingia maikrogramu 175, klirensi ya siku ni 9 × 24 = lita 216, gawanya unapata 0.81 kwa lita, pazuri kabisa kwa mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Sasa figo zichoke klirensi ishuke iwe 4.5 na dozi ibaki ileile: kiwango kinapanda mpaka 1.62, hafu laifu inakuwa masaa 77 (kama volyumu haijabadilika), na huo upandaji unachukua wiki mbili hivi. Mgonjwa anaruhusiwa yuko vizuri, halafu anarudi na kichefuchefu, anaona vitu vya njano, mapigo ya moyo yamevurugika. Swali la hivi likija usiandike "amezidisha dozi" ukaishia hapo, andika figo.

Ukihitaji kufika haraka unatoa lodingi dozi, nayo inategemea volyumu sio klirensi: 500 × 0.8 ÷ 0.7, kama maikrogramu 570, unaigawa, nusu kwanza na iliyobaki baada ya masaa kadhaa huku unamwangalia mgonjwa. Hapa wengi wanapoteza maksi: wanaandika lodingi dozi inafupisha muda wa kufika stedi steti. Haifupishi. Inakuweka karibu na kiwango unachotaka, lakini ukibadilisha dozi ya kila siku bado unasubiri zile hafu laifu 4 mpaka 5 upya.

Mwisho, kabla hujapiga hesabu yoyote angalia ni dawa gani umepewa. Fenitoini, kwa mfano, vimeng'enya vya ini vinajaa hata kwenye dozi za kawaida, ukiongeza dozi kidogo kiwango kinaruka sana. Swali likikuonyesha dozi imepanda kidogo halafu kiwango kimezidi mara mbili, ujue hafu laifu hapo haiko namba moja tena, hesabu ya juu haikufai.